Naomba msaada wa kurekebisha skripti ya tangazo la shule ya udereva, sekunde 60

Kalamu_ya_Donholm

Ndugu zangu, hamjambo. Nimepewa kazi ya kuandika skripti ya tangazo la video la shule moja ya udereva iliyoko huku Eastlands, Nairobi, na kabla sijaipeleka kwa mwenye shule ningependa ipitiwe na watu wanaoijua barabara kuliko mimi. Tangazo ni la sekunde 60. Litasambazwa katika simu na pia litaonyeshwa kwenye skrini za matatu zinazopita Jogoo Road. Mwenye shule anataka mambo matatu yaonekane: hatua za masomo tangu siku ya kwanza, uvumilivu wa walimu wake, na msaada anaopewa mwanafunzi hadi siku ya mtihani wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Magari ya shule ni ya gia za mkono, na upande wa mwalimu yana pedali za ziada za klachi na breki.

Rasimu yangu ya kwanza ni hii:

Picha: Msichana anaingia ofisini na kujiandikisha.
Msimulizi: “Je, umekuwa ukitamani kuendesha gari lako mwenyewe?”

Picha: Darasani, alama za barabarani zimebandikwa ukutani.
Msimulizi: “Tunaanza na sheria za barabarani na alama zote.”

Picha: Wanafunzi wameuzunguka ubao wa mji uliochorwa barabara, vigari vidogo mkononi.
Msimulizi: “Kisha tunakufundisha ubao wa mji hatua kwa hatua.”

Picha: Msichana anarekebisha kiti na vioo, anafunga mkanda, anaondoka. Zinafuata picha za haraka za kurudi nyuma, kuegesha, kupanda mlima na kuingia raundabauti.
Msimulizi: “Utajifunza kuwasha gari, kurudi nyuma, kuegesha, kuondoka mlimani na kupita raundabauti kwa usalama.”

Picha: Mwalimu anatabasamu.
Msimulizi: “Walimu wetu ni wavumilivu na wana uzoefu wa miaka mingi.”

Picha: Msichana anainua kadi ya leseni.
Msimulizi: “Ukija kwetu, kufaulu mtihani ni hakika. Jiandikishe leo!”

Nimeisoma kwa sauti nikiwa na saa mkononi, na pamoja na picha zake inapita sekunde 60. Nifupishe wapi?

Sauti_na_Picha

Kalamu, hakuna haja ya kufupisha. Kinachohitajika ni kuchagua. Umejaribu kuonyesha kila somo, na matokeo yake ni kwamba kila somo limepata sekunde chache ambazo hazitoshi mtazamaji kuelewa kinachofanyika. Gari linaloegeshwa kwa sekunde 2 ni gari lililosimama tu. Mtu aliye ndani ya matatu hatajua kama lilikuwa likirudi nyuma au likiondoka.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi: sentensi ya “walimu wetu ni wavumilivu” haina kazi yoyote. Kila shule ya udereva jijini imeiandika kwenye bango lake, na tabasamu la mwalimu halithibitishi lolote kwa sababu kila mtu hutabasamu mbele ya kamera. Uvumilivu huonekana pale ambapo kitu kimeharibika na mtu angeweza kukasirika lakini hakukasirika. Kwa hiyo unahitaji kosa. Mchague mwanafunzi mmoja, kosa moja na mahali pamoja, kisha uturudishe mahali hapo hapo mara tatu ili tuone kilichobadilika. Hatua za masomo zitajionyesha zenyewe.

Je, kosa gani linaonekana vizuri zaidi kwa mtu asiyejua kuendesha? Hilo waulize walimu wa udereva. Mimi ni mhariri wa video tu.

Kijana_wa_Pipeline

Samahani, naomba kuuliza. Leseni yangu ya muda ya kujifunzia imeisha kabla sijafanya mtihani. Je, hiyo shule inaweza kunitengenezea nyingine, au ni lazima niende mwenyewe?

Kalamu_ya_Donholm

Ndugu yangu, mimi naandika tangazo tu, si mfanyakazi wa shule. Maombi ya leseni hiyo hufanywa kupitia akaunti yako mwenyewe ya eCitizen, upande wa huduma za NTSA. Ingia hapo kwanza uone akaunti yako inakuambia nini, kisha ndipo uwaulize waliokufundisha.

Mwalimu_Mstaafu

Nimefundisha udereva katika jiji hili tangu enzi ambazo Jogoo Road haikuwa na msongamano huu wa leo, kwa hiyo nitalijibu swali la Sauti_na_Picha. Kosa linalofaa ni gari kuzimika mlimani. Kila mtu analielewa hata kama hajawahi kushika usukani: gari linatetemeka, linazimika, kimya kinaingia, na mwanafunzi anageuka kumtazama mwalimu. Mtazamo huo ndio tangazo lako, Kalamu. Katika nusu sekunde hiyo mwanafunzi anasubiri kujua kama atakaripiwa.

Sasa nieleze kinachotokea ndani ya gari ili usiandike jambo ambalo dereva yeyote atalicheka. Kuondoka mlimani huanza breki ya mkono ikiwa imevutwa. Mwanafunzi anakanyaga klachi yote, anaweka gia ya kwanza, anaongeza mafuta kidogo, kisha anaiachilia klachi polepole mpaka inaposhika. Dalili za kushika ni mbili: mlio wa injini unashuka, na pua ya gari inainuka kidogo kama mnyama anayetaka kusimama. Hapo mguu wa klachi unatulia, breki ya mkono inaachiliwa, gari linaondoka. Gari huzimika kwa sababu mwanafunzi ameiachilia klachi kwa ghafla au hakuongeza mafuta ya kutosha, na mara nyingi ni kwa sababu anatazama miguu yake badala ya kuisikiliza injini.

Uvumilivu wenyewe haupo usoni mwa mwalimu. Upo mguuni mwake. Kwa kuwa ana pedali zake, mwalimu asiye mvumilivu hushindwa kungoja. Gari linapoanza kutetemeka tu, naye anakanyaga klachi yake kimyakimya na kuliokoa. Gari halizimiki, mwanafunzi anafurahi akidhani ni yeye aliyefanya vile, na kosa linabaki pale pale hadi siku ya mtihani. Nimewapokea wanafunzi wengi waliohamia kwangu kutoka kwingine wakisema wanajua mlima, na nilipoiweka miguu yangu kando, gari lilizimika kila mara. Mwalimu mzuri huliacha gari lizimike mahali ambapo kuzimika hakuna hatari, na anapolazimika kukanyaga breki husema wazi: “Hiyo breki ilikuwa yangu, si yako.”

Kwa hiyo ningeomba kamera ishuke chini, upande wa mwalimu. Siku ya kwanza mguu wake umekanyaga breki. Siku nyingine uko juu ya pedali bila kuigusa. Baadaye umelala sakafuni. Hizo ndizo hatua za masomo, na huhitaji msimulizi wa kuzieleza.

Sauti_na_Picha

Mwalimu, umenipa picha ambayo sikuwahi kuiona katika tangazo lolote la aina hii. Mguu. Niongeze mawili ya kiufundi.

Kwanza, kamera ya simu hulainisha mlima. Utasimama kwenye mteremko unaokuchosha kuupanda, lakini ukitazama video utaona barabara tambarare. Mpiga picha asimame ubavuni mwa barabara, kamera ikiwa imenyooka kabisa, na ndani ya fremu kuwe na kitu kinachojulikana kuwa wima, kama nguzo ya stima au kona ya jengo, ili jicho lipime mwinamo wa barabara kwa kukilinganisha nacho. Au tumieni mkokoteni wa maji ulioegeshwa kando huku jiwe likiwa limezuia gurudumu lake. Mkazi yeyote wa Nairobi akiliona jiwe hilo, atajua papo hapo kwamba mahali hapa panateremka.

Pili, sauti ya injini irekodiwe peke yake, kwa kinasa sauti kilichowekwa karibu na boneti wakati gari limesimama. Maikrofoni iliyo ndani ya gari hunasa feni na milio ya viti, na kule kushuka kwa mlio anakokueleza Mwalimu hakutasikika.

Mama_Wawili

Nimesoma maelezo ya Mwalimu nikabaki nikitikisa kichwa. Mimi nilianza kujifunza nikiwa na umri wa miaka 46, baada ya watoto kwenda shule za bweni. Mwalimu niliyepewa, sitaitaja shule, alikuwa akipiga dashibodi kwa kiganja kila gari lilipozimika. Hakunitukana, lakini kile kiganja kilitosha. Nilifika mahali ambapo nilikuwa nikilisikiliza pigo la kiganja badala ya kuisikiliza injini. Nilipobadilisha shule, mwalimu wa pili alikuwa mtu wa maneno machache mno. Gari lilipozimika alikuwa akisema “sawa,” halafu ananitajia jambo moja tu la kufanya. Sasa naendesha hadi Machakos bila wasiwasi.

Ombi langu kwa Kalamu ni kwamba mwanafunzi wa tangazo asiwe msichana. Kila tangazo lina msichana wa miaka 20. Sisi tulioanza tukiwa na umri mkubwa ndio tunaotafuta mwalimu mvumilivu, kwa kuwa ndio tunaoona haya kukosea mbele ya kijana.

Dere_Jogoo

Mimi ni dereva wa matatu, nitasema ninachokijua. Hayo ya mlima ni sawa, ingawa siku hizi vijana wengi wanataka gari la otomatiki, na kwenye otomatiki hakuna mlima wala klachi. Lakini naona mnapoteza muda na ubao wa mji. Kile kigari cha kuchezea hakimfundishi mtu barabara. Mfano ni raundabauti. Ubaoni utaambiwa umpe nafasi anayetoka kulia, lakini njoo pale Uhuru Highway saa kumi na moja jioni uone kama kuna kulia au kushoto. Anayeamua ni afisa wa trafiki. Waonyesheni watu barabara halisi, hayo ya ubao yaacheni.

Mwalimu_Mstaafu

Dere, uko sahihi kwa upande mmoja. Afisa wa trafiki akiwa amesimama pale, ishara yake ya mkono hutangulia taa na alama, na mwanafunzi ni lazima afundishwe hivyo. Lakini afisa haishi kwenye raundabauti. Akiondoka, sheria ya kumpa nafasi anayetoka kulia inarudi, na mtahini wa NTSA atakuuliza ukiwa ubaoni kabla hujaingia kwenye gari. Ukishindwa pale, ustadi wako wa Uhuru Highway hautakufaa.

Kuhusu otomatiki, ni kweli hakuna klachi, lakini mlima upo. Mguu ukitoka kwenye breki mahali penye mwinuko mkali, magari mengi ya otomatiki hurudi nyuma kidogo. Hata hivyo magari ya shule hii ni ya gia za mkono, basi tusitoke nje ya mada.

Faida ya ubao ambayo watu hawaisemi ni hii: ubaoni unaweza kumwona mwanafunzi akifikiri. Mwambie atoke chini ya ubao, apite raundabauti na kukunja kulia. Kigari kinapaswa kukaa njia ya kulia, ishara ya kulia iwe imewashwa, kisimame kumpisha anayetoka kulia, kizunguke, na baada ya kuupita mlango unaotangulia ule anaoutaka, mwanafunzi aseme kwa sauti kwamba sasa anawasha ishara ya kushoto ili atoke. Wanaosahau huwa wanasahau hiyo ishara ya mwisho. Aliyekariri hukimbiza kigari moja kwa moja hadi mwisho. Aliyeelewa husita mahali panapostahili kusita. Kalamu, mkono unaosita na kukirudisha kigari kwenye mstari ni picha ya sekunde chache tu, nayo inatosha kuwakilisha darasa zima.

Dere_Jogoo

Kwa hilo la afisa kuondoka nimekubali. Kwa ubao bado sijashawishika, maana nimewaona waliofaulu ubao wakiogopa kutoka Donholm kuingia Outering Road.

Wakili_Mdogo

Nina mambo ya kisheria, na ninaomba Kalamu ayazingatie kabla ya siku ya kupiga picha.

La kwanza ni ile sentensi ya “kufaulu mtihani ni hakika.” Iondoe kabisa. Mtihani hauendeshwi na shule bali na watahini wa NTSA, kwa hiyo shule inaahidi jambo ambalo haina mamlaka nalo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mteja mambo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma, na mwanafunzi aliyeanguka mtihani atakuja na tangazo lako mkononi. Isitoshe, hapa kwetu mtu akisikia kwamba kufaulu ni hakika, hafikirii mafunzo bora. Anafikiri kuna mtu atakayepewa kitu kidogo. Sidhani kama mwenye shule anataka kueleweka hivyo.

La pili ni mwigizaji. Atakayeshika usukani barabarani ni lazima awe na leseni kamili, au awe mwanafunzi wa kweli mwenye leseni ya muda ambaye mwalimu wake ameketi kando yake. Usimchukue mwigizaji asiye na leseni yoyote kwa kisingizio kwamba ni mita chache tu. Alama za L ziwepo mbele na nyuma, na wote wawili wafunge mikanda. Nimeona tangazo la udereva ambalo mwalimu hakufunga mkanda, na maoni yote chini yake yalihusu mkanda huo.

La tatu ni sura za watu. Mkitumia mwanafunzi wa kweli, pateni ridhaa yake kwa maandishi, ikieleza kwamba picha ni za tangazo la biashara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 si ya mapambo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa sababu hiyo hiyo, ile kadi ya leseni inayoinuliwa mwishoni ina jina na namba za mtu. Iache.

Dere_Jogoo

Na kibali cha polisi? Nilisikia huwezi kupiga video barabarani bila polisi kuwepo.

Wakili_Mdogo

Hapo umechanganya kidogo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inataka anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani awe na leseni ya kupiga picha, nayo si kibali cha polisi. Polisi ni suala la usalama na kuzuia magari, jambo ambalo mtalihitaji ikiwa mnataka kuifunga barabara. Kwa barabara ya ndani ya mtaa, zungumzeni pia na kaunti na uongozi wa mtaa kabla ya kufika na kamera.

Kalamu_ya_Donholm

Nashukuru sana, hasa Mwalimu, maana sikuwahi kufikiria miguu. Nimeandika upya, na nimemsikiliza Mama_Wawili pia: mwanafunzi sasa ni mama mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Someni.

*Sekunde 0 hadi 8.* Barabara ya mtaa inayopanda, imepigwa kutoka ubavuni. Kando kuna mkokoteni wa maji wenye jiwe nyuma ya gurudumu. Gari lenye alama ya L linaondoka, linatetemeka, linazimika. Gari la nyuma linapiga honi. Hakuna muziki.

*Sekunde 8 hadi 20.* Ndani ya gari. Mguu wa mwalimu umekanyaga breki yake. Mwanafunzi anageuka kumtazama. Kimya cha sekunde 3.
Mwalimu: “Sawa. Vuta breki ya mkono. Gia huru. Tunaanza tena.”

*Sekunde 20 hadi 30.* Ubao wa mji. Mkono wa mwanafunzi unakiingiza kigari katika raundabauti, unasita, unakirudisha kwenye mstari.
Msimulizi: “Kabla ya barabara kuna ubao. Hapa kosa halimgongi mtu.”

*Sekunde 30 hadi 40.* Mlima ule ule, mkokoteni ule ule, nguo nyingine. Mguu wa mwalimu uko juu ya pedali bila kuigusa. Gari linarudi nyuma kidogo, kisha linaondoka.
Mwalimu: “Sikiliza injini.”

*Sekunde 40 hadi 48.* Siku nyingine. Mguu wa mwalimu umelala sakafuni. Gari linapanda bila kusita.
Mwalimu: “Wiki ijayo, mlima wa Valley Road.”

*Sekunde 48 hadi 60.* Asubuhi. Mwalimu anashuka kutoka kiti cha kushoto, anafunga mlango na kubaki nje. Kiti ni kitupu.
Msimulizi: “Tunakusaidia kuomba tarehe, tunakupima ubaoni na barabarani, na unafanya mtihani kwa gari ulilolizoea. Kuendesha ni kwako.” Jina la shule na namba ya simu.

Sauti_na_Picha

Hii ni bora mara nyingi zaidi. Msimulizi amebakiwa na maneno machache, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu na msomaji akikimbizwa anasikika kama mtangazaji wa mnada. Kumbuka pia kwamba ndani ya matatu sauti yako haitasikika kabisa. Muziki wa gari utaifunika. Maneno ya mwalimu yaandikwe chini ya picha kwa herufi kubwa, mstari mmoja kwa wakati. Kile kimya cha sekunde 3 nacho kitapotea, kwa hiyo muda huo kamera ikae kwenye uso wa mwanafunzi ili macho yafanye kazi ambayo masikio hayawezi.

Mwalimu_Mstaafu

Nina marekebisho mawili, na la kwanza ni la lazima.

Katika sekunde ya 30 umeandika kwamba gari linarudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka. Lifute hilo. Kinachofundishwa ni kwamba gari halirudi nyuma hata kidogo, na breki ya mkono ipo kwa ajili hiyo hiyo. Ukionyesha kurudi nyuma kama hatua ya mafanikio, kila mwalimu jijini atalicheka tangazo lako. Isitoshe, mwalimu aliyeliona gari likirudi nyuma na bado akauacha mguu wake hewani si mvumilivu, ni mzembe. Mpaka upo hapo: kuzimika tunakuruhusu, kurudi nyuma hatukuruhusu. Badala yake onyesha pua ya gari ikiinuka, itulie kidogo, kisha gari liondoke.

La pili ni honi. Somo la kwanza la mlima halifanywi mahali penye gari nyuma yako. Tunatafuta njia iliyo tupu, mara nyingi asubuhi mapema. Honi ya siku ya kwanza inamfanya mwalimu wako aonekane amemleta mwanafunzi mahali pasipofaa. Ipeleke honi siku ya mwisho. Gari liko nyuma, linapiga honi, na mguu wa mwalimu bado umelala sakafuni kwa sababu mwanafunzi sasa anaweza. Hapo honi inafanya kazi.

Kalamu_ya_Donholm

Nimelifuta la kurudi nyuma na kuihamisha honi. Hilo la honi limeniondolea tatizo jingine pia, kwa sababu sekunde ya 40 ilikuwa haina tukio lolote.

Swali langu linalobaki ni la picha ya mwisho. Mwenye shule nimemsomea kwa simu naye hataki kiti kitupu. Anataka mtahini aonekane akiingia garini, na mwanafunzi akitoka akifurahi. Anasema bila hivyo watu hawataelewa kwamba kuna mtihani.

Wakili_Mdogo

Mtahini ni afisa wa serikali. Ukimvika mwigizaji sare au ukaweka nembo ya NTSA katika fremu, unadokeza kwamba mamlaka hiyo inaiunga mkono shule. Mimi singekubali.

Mama_Wawili

Lakini mwenye shule ana hoja. Mimi nilipokuwa nikitafuta shule, nilichotaka kujua ni nani atakayekuwa nami siku ile. Sikujua kwamba mwalimu habaki ndani ya gari. Kiti kitupu kingenitisha.

Mwalimu_Mstaafu

Mama, ndiyo maana ni vizuri kukionyesha mapema. Wanafunzi wengi hushtuka siku ya mtihani kwa sababu hawajawahi kuendesha mtu mwingine akiwa ameketi upande ule. Mimi nilikuwa nikimwomba mwalimu mwenzangu akae badala yangu katika majaribio ya mwisho, akiwa na karatasi mkononi na bila kuzungumza zaidi ya kutoa maelekezo: kunja kushoto, simama pale. Mwanafunzi aliyekuwa akiendesha vizuri kwangu alianza kusahau vioo mbele ya mgeni. Hayo ndiyo msaada wa kweli wa mtihani, na nadhani yanaweza kuwa jibu la mwenye shule. Mwonyeshe mwalimu wa pili, mgeni kwa mwanafunzi, akiingia na karatasi, na maandishi chini yasome wazi “Jaribio la mtihani.” Hakuna sare wala nembo, na mtu anaelewa.

Dere_Jogoo

Hilo nalikubali, ingawa ningependa jaribio hilo lifanyike Outering Road, si uwanjani.

Sauti_na_Picha

Ukiliongeza hilo, unahitaji sekunde 5 kutoka mahali fulani. Ningezitoa kwenye ubao.

Mwalimu_Mstaafu

Ubao usiguswe. Toeni kwenye Valley Road.

Kalamu_ya_Donholm

Nitampelekea mwenye shule matoleo mawili, moja lenye kiti kitupu na jingine lenye jaribio la mtihani, na ule mstari wa Valley Road nitauondoa katika toleo la pili ili sekunde zitoshe. Nimekwisha kupata barabara yenye mwinuko mtaani, na mwenye mkokoteni amekubali kuuegesha pale Jumapili asubuhi kwa malipo ya nusu siku. Mwalimu, kama utakuwa na nafasi, ningependa uje utuambie kama mwinuko huo unatosha kabla hatujawasha kamera.

Mwalimu_Mstaafu

Nitakuja. Hakikisha mwalimu atakayeigiza amevaa viatu vyenye soli nyembamba. Mguu wenye buti hauonyeshi chochote.